Sentimita Moja ya Kijiti

Namba inayochapwa ndani ya kiatu cha mtumba siiamini, na mteja anayeiamini namwonea huruma kidogo, halafu namuuzia. Viatu vinavyotoka kwenye belo moja vimetoka nchi tano, na kila nchi ina namba zake. Kuna tisa inayoingia mguu wa arubaini na tatu, na kuna arubaini na tatu ambayo mwenye arubaini na moja anaivaa kwa kuvuta pumzi. Ndiyo maana watu wa milimani, wakimtuma mtu Tunduma kuwanunulia viatu, hawampi namba. Wanampa kijiti.

Kijiti ni urefu wa mguu. Mtu anasimama juu ya ardhi, mwenzake anaweka alama kisiginoni na kwenye ncha ya kidole kirefu, wanakata kijiti sawasawa na hapo. Mjumbe akifika mezani kwangu anakiingiza kwenye kiatu, anakisukuma hadi mbele kabisa, halafu nyuma, kwenye kisigino, anajaribu kuchomeka kidole gumba. Kidole kikiingia, kiatu kinafaa. Kikikataa, hata ningeapa kwa Biblia ya bibi yangu, haondoki nacho.

Mimi nina rula pia. Kila kijiti nakipima mara mbili, upande huu na kwa kukigeuza, kwa sababu mara ya kwanza jicho linaona linachotaka. Naongeza sentimita moja na nusu ya nafasi ya vidole, na jumla hiyo naiongezea nusu yake. Hapo napata namba ya kweli, ile ambayo kiatu kingekuwa nayo kama waliokichapa wangekuwa watu waaminifu. Hesabu hii nilifundishwa na aliyeniachia meza, na kwa miaka mingi nimejisifu nayo mbele ya watu. Naitaja mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua.

Msimu ule wa mvua nilikuwa na mabuti meusi ya kazi, arubaini na mbili, yenye chuma mbele. Yalikuwa yamekaa mezani miezi minane. Watu kumi na tisa walikuwa wameyajaribu, niliwahesabu. Wa mguu mdogo waliyaona mazito, wa mguu mkubwa vidole viligonga chuma. Jirani yangu muuza mikanda alikuwa akipita asubuhi anayasalimia.

"Shikamooni wazee," anayaambia. "Bado mko?"

Chini ya meza, ndani ya mfuko, nilikuwa na mengine. Arubaini na nne, ngozi nzima ya kahawia, haina chuma, soli ya mpira iliyoshonwa kwa uzi na pia kugundishwa, meno yake marefu na yenye nafasi kati yao. Hayo nilikuwa nimemwekea mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye alikuwa ameahidi kuja Jumamosi na kulipa elfu sitini. Alikuwa ameahidi Jumamosi tatu sasa.

Ndipo akaja yule mama kutoka Ileje.

Alikuwa ameleta maharage, ameyauza, na sasa alikuwa na kapu tupu, hela zimefungwa kwenye ncha ya kanga, na kijiti. Alikishika kama watu wanavyoshika mshumaa kanisani. Akanisalimia, akaulizia na biashara, halafu akasema ametumwa na mume wake.

"Amepata kazi ya bomba, dada. Yale maji ya mserereko. Anatembea kutoka tangini mpaka kwenye chanzo, kila siku, anaangalia kama limevuja au limefukuliwa."

"Mbali?"

"Kupanda saa mbili. Kushuka pungufu kidogo, ila kushuka ndiko kubaya. Nyasi mbichi, tope, na kuna mto mdogo anauvuka mara mbili. Sasa anavaa gambuti. Maji hayaingii, lakini mguu unacheza humo ndani, kisigino kimechubuka, na jioni soksi unaweza kuzikamua jasho." Akasogea karibu. "Kamati ya maji imempa miezi mitatu ya kumwangalia. Wakiridhika wanamwandika. Kwa hiyo amesema nimtafutie kiatu cha kutembelea, siyo cha kuvalia."

Alikuwa amelieleza jambo vizuri kuliko wengi wanaokuja na pikipiki zao. Kazi ya kupanda na kushuka kwenye tope inataka soli ya mpira yenye meno marefu yaliyoachana, tope lishike halafu lidondoke lenyewe. Inataka ngozi iliyopakwa mafuta, na ulimi wa kiatu ulioshonwa pembeni ili maji yasipite kwenye kamba. Inataka nafasi mbele, kwa sababu kwenye mteremko mguu unasukumwa mbele kila hatua. Haitaki chuma. Chuma ni cha mtu anayeweza kuangukiwa na gunia la saruji. Wa bomba la milimani hakuna kinachomwangukia ila mvua.

Yote hayo nilikuwa nayajua, na yote yalikuwa kwenye mfuko chini ya meza yangu.

Nikachukua kijiti nikakipima. Ishirini na saba na nusu. Nikakigeuza. Ishirini na saba na nusu. Ongeza moja na nusu, ishirini na tisa, na nusu yake: arubaini na tatu na nusu. Yaani arubaini na nne. Nikamrudishia kijiti chake.

"Dada, choo kiko wapi?" akaniuliza. Nikamwelekeza. Akaweka kapu lake chini ya meza yangu. "Nishikie na hiki," akasema, akanirudishia kijiti. "Nisije nikakiangusha huko."

Nimejaribu kukumbuka kama nilifikiri. Nadhani nilihesabu tu. Wa Nakonde elfu sitini. Mabuti meusi miezi minane. Ngozi inaachia kidogo ikivaliwa, nikajiambia, kana kwamba sikujua kwamba chuma hakiachii hata kwa maombi. Kisu cha kukatia soli za ndani kilikuwa mkononi. Nikakata sentimita moja ya kijiti, upande mmoja, nikapaka vumbi kidogo pale palipobaki peupe. Kipande kikaangukia kwenye boksi la kamba za viatu.

Aliporudi nilikuwa tayari nimeshayafuta mabuti meusi.

"Haya ni ya kazi hasa," nikamwambia. "Angalia chuma hiki. Gonga."

Akagonga. Akageuza soli akaiangalia. "Meno mafupi, dada."

"Hizo ni za kiwandani, hazitelezi hata kwenye oili."

Ni kweli hazitelezi kwenye oili. Sikuongopa hapo, na hiyo ndiyo aina ya ukweli niliyokuwa nikiuza siku ile. Tope si oili. Tope linajaa kwenye meno mafupi, na ukipiga hatua ya kumi unakuwa umevaa sahani.

Akaingiza kijiti, akakisukuma mbele, akachomeka kidole gumba nyuma. Kikaingia vizuri. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, na tukaanza kupatana. Alipatana vizuri. Nilitaja elfu arubaini na tano, akacheka, akataja ishirini na tano, nikacheka, akaondoka hatua sita, nikamwita, tukamaliza thelathini na tano. Hela akazihesabu mara mbili kabla ya kunipa, na nilimpenda kwa hilo. Kijiti nikakifunga kwenye kamba ya buti la kulia, kama desturi yangu, ili aliyemtuma ajue kipimo chake kilifuatwa.

"Shikamooni wazee," jirani akayaambia mabuti yalipokuwa yanaondoka. "Nendeni salama."

Jumamosi ile wa Nakonde hakuja.

Wiki ya tano wakaja wote wawili, mume na mke. Ilikuwa saa nane mchana, mvua imetoka kukatika na njia ya sokoni imekuwa uji. Mwanaume mrefu, mpole wa kuangalia, amevaa kandambili, anatembea kwa visigino kama mtu anayekanyaga mayai. Mke alikuwa nyuma yake hatua mbili, na mabuti meusi yamo kapuni.

Alinisalimia kwa heshima. Akaniomba kigoda akakaa. Kidole gumba cha mguu wa kulia hakikuwa na kucha; cha kushoto kilikuwa nayo bado, nyeusi kama lami.

"Sikuja kugombana, mama," akasema. "Duka ni duka. Nimekuja kuona kama tunaweza kubadilishana, hata nikiongeza. Kosa ni la kwetu nyumbani."

"Kosa gani?"

Akafungua kamba, akatoa kijiti kile, na kutoka mfukoni akatoa kipya. Akavilaza mezani pangu, ncha kwa ncha. Cha zamani kilikuwa kifupi kwa upana wa ukucha.

"Hiki kipya nimekata mwenyewe, nimesimama. Hiki cha zamani pia nilikata mwenyewe. Sasa mama watoto ananiambia labda kilivunjika kwenye kapu. Mimi namwambia kijiti cha mti wa mkahawa hakivunjiki kikanyooka hivi." Hakupandisha sauti. "Nilimpa kazi moja tu. Kushika kijiti."

Mke alikuwa anaangalia mikanda ya jirani kama mtu anayetaka kununua.

Akaendelea kusimulia, na hakuna sehemu niliyoweza kuiruka. Siku ya tatu alishuka mlimani vidole vikigonga chuma kila hatua, akafikiri ni ugeni wa kiatu. Siku ya sita aliteleza mtoni. Wiki ya pili kucha ikatoka na kidole kikatunga usaha, zahanati wakamwambia akae asivae kiatu. Akakaa siku kumi na mbili. Mke wake ndiye aliyekuwa akipanda kwenye chanzo badala yake, kwa gambuti za mume alizozijaza matambara, kabla ya kwenda shamba. Siku moja alichelewa, kiungo cha bomba kikaachia, kijiji kikakaa bila maji siku nzima, na kamati ikaita kikao.

"Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Wakiniona nachechemea tena wanampa mwingine. Na kule bombani akina mama wanamwambia mwenzangu kwamba alikula hela ya kiatu akaninunulia cha bei ndogo."

"Haikuwa bei ndogo," nikasema. Ndilo jambo la kwanza lililonitoka. Najua.

Jirani yangu akaingilia. "Baba, hawa wanawake ukiwatuma hata chumvi wanarudi na sukari."

Mwanaume akacheka kidogo kwa adabu. Mke hakucheka. Nami nilikuwa na nafasi hapo, nafasi kubwa kabisa, ya kusema maneno mawili. Nikainama nikavuta mfuko chini ya meza.

Siku ile nilimpima mtu kama sijawahi kumpima mwingine. Nilimsimamisha, kwa sababu mguu uliosimama ni mrefu kuliko uliokaa. Nilishukuru ni mchana, maana asubuhi mguu haujavimba na unaweza kukudanganya. Nilipima miguu yote miwili, nikakuta wa kushoto umeuzidi wa kulia kidogo, na kijiti chake alikikatia wa kulia. Nikafuata wa kushoto. Nilimpa soksi nene za kuvaa kabla ya kujaribu. Nikamwambia asukume vidole mbele kiatu kikiwa hakijafungwa, nikachomeka kidole changu nyuma ya kisigino, kikaingia. Nikafunga kamba, nikabana kifundoni ili kisigino kisipande. Nilikunja soli kuona kama inakunjika pale mguu unapokunjika na siyo katikati. Nilibonyeza ukucha pembeni ya soli, kwa sababu kuna soli za povu ambazo zikikaa miaka ghalani zinamomonyoka kama mkate mkavu. Hii ilikuwa mpira, ikarudi. Mwishowe nikamwambia apande ngazi ya mtaro wa soko na kushuka mara kumi, akishuka kwa kishindo.

"Vidole vinagusa?"

"Havigusi." Akashuka tena, ingawa kumi zilikuwa zimetimia. "Havigusi, mama."

"Yapake mafuta ya ng'ombe kwenye mishono. Yakilowa usiyaanike motoni, yajaze magazeti uyaweke kivulini. Na wiki ya kwanza tembea nayo karibu karibu."

"Tunaongeza kiasi gani?"

"Hamuongezi kitu."

Akanishukuru, kwa mikono miwili, na akasema hakujua kama Tunduma kuna watu wa namna hii. Jirani akasema kwa sauti, ili wateja wote wasikie, kwamba mama huyu ana moyo. Nimewahi kutukanwa sokoni kwa Kiswahili, Kinyamwanga na Kibemba, na sikuwahi kuona joto la uso kama siku ile niliposifiwa.

Mume akatangulia kutafuta gari la kurudi kwao, la Isongole, akikanyaga tope makusudi. Mke akabaki akikunja mfuko wa plastiki ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Shubiri moja na vidole vinne," akasema, bila kuniangalia. "Nilikipima kwa mkono wangu asubuhi ile nyumbani. Kwenye gari wakati wa kurudi nikakipima tena, sijui kwa nini. Shubiri moja na vidole vitatu na nusu."

Niliigeuza rula mezani, namba zikaangalia chini.

"Mimi pia nahesabu mara mbili, dada."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba kijiti nilikuachia wewe nikaenda zangu?" Akaweka mfuko kapuni. "Angeuliza nilikuwa naangalia wapi. Bora kivunjike kwenye kapu."

Akaondoka. Hakuniomba kitu, hakunilaani. Ningependa angenilaani.

Nilirudi kupanga meza. Nikachukua boksi la kamba nizihesabu, kwa sababu ndivyo mikono yangu inavyofanya ikikosa pa kwenda. Jozi thelathini na moja, halafu tena thelathini na moja, na chini kabisa kile kipande cha mkahawa, upande mmoja gome, upande mmoja alama ya kisu changu. Nikakitia kiganjani, nikamwambia jirani aangalie meza.

Gari lilikuwa limeshajaa, konda anapiga bodi. Walikaa dirishani, mume upande wa nje, mabuti ya kahawia ameyavua na kuyaweka magotini kwa sababu hakutaka tope la watu liyapate, mke pembeni yake na kapu na mzigo wa sabuni. Nilikuwa nimekimbia, na mtu wa umri wangu akikimbia Tunduma watu wanageuka kuangalia ameibiwa nini.

"Baba," nikasema. "Kile kijiti. Kilipata hitilafu pale kwangu."

Hata pale nilikuwa napatana. Nilianza na bei ya chini.

"Hitilafu gani?" akauliza.

Abiria wa nyuma wakanyamaza ili wasikie. Nikamwangalia mke. Alikuwa ananiangalia kama alivyoniangalia siku ya kupatana, alipokwishaondoka hatua sita na kusubiri nimwite.

"Nilikikata," nikasema. "Mama alikwenda chooni, nikakata ili yale meusi yatoshe. Hakukivunja yeye. Alikileta sawasawa."

Nikampa kile kipande. Alikichukua. Akatoa vijiti vyote viwili, akaunganisha kipande kwenye ncha ya kile cha zamani, akakilaza juu ya kipya. Vikalingana. Alikaa akiviangalia mpaka konda akauliza kama tumemaliza kesi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hawa wa Tunduma," akaachia hapo, na wengine wakaguna.

Mwanaume alipepesa macho kama mtu aliyetoka gizani, halafu akageuka upande wa pili, akanyoosha mkono, akachukua kapu na mzigo wa sabuni kutoka magotini mwa mke wake, akavipakata yeye, juu ya mabuti. Mke akashusha mabega. Gari likaondoka.

Mume hakurudi tena mezani kwangu. Nilisikia kwa muuza maharage wa kule kwamba kamati ilimwandika, nikauliza mara mbili ili nihakikishe. Pale sokoni habari ilifika kabla sijafika mimi mwenyewe, na kwa miezi jirani yangu alikuwa akiona mteja mwenye kijiti anamwambia, "Kishike vizuri, mama yetu ana kisu." Wengine walicheka wakanunua, wengine walienda meza ya mbele. Niliacha kujisifia hesabu yangu.

Mke alikuja msimu uliofuata, baada ya mavuno. Alikuwa na vijiti vitatu vya watoto wa shule, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi yake. Tulisalimiana. Hakugusia lolote.

Nikanyoosha mkono nipokee cha kwanza nikiweke kwenye rula. Hakukiachia. Alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine, tukakilaza pamoja juu ya rula na tukainamisha vichwa kusoma.

"Ishirini na mbili," nikasema.

"Kigeuze," akasema.

Tukakigeuza.